Juu ya nini mwalimu wa mbio anatupunguzia mazoezi



Tangu siku ya kwanza ya juma hili barua ya mwalimu wa mbio inatundikwa kwenye tablo. Iko fupi tu. Ninyi mulio katika kundi la mbio mulikuwa munakimbia kilometa 48 kwa juma. Juma hili mutakimbia 32, juma la mwisho 20, kiisha siku ya posho ni mashindano ya kilometa 10. Wengi wamekasirika. Katika vyumba vya kulala nimesikia: "Shule ingine banazidisha, siye banatupunguzia! Banataka tushindwe?" Nilienda kumuuliza mwalimu, maana jambo hili liliniumiza mimi mwenyewe.

Mwaka jana barua kama hii ilitundikwa, nami sikuifuata. Juma lote la mwisho niliamuka mbele ya jua na kukimbia kwa siri katika barabara ya Bangoka, mbio kali kila siku. Katika majaribio nilikuwa nimemaliza kilometa 10 kwa dakika 40. Siku ya mashindano, tangu kilometa ya 6, miguu ilikuwa kama miti. Nilimaliza kwa dakika 43, na kundi letu likapoteza nafasi kwa sababu yangu.

Mwalimu alinieleza hivi. Mutu akikimbia sana, nyuzi ndogo ndogo za misuli zinapasuka, na sukari iliyowekwa ndani ya misuli (waganga wanaiita glikojeni) inapunguka. Wakati ule hana nguvu zaidi, ana nguvu kidogo. Nguvu inakuja nyuma, mwili ukipata nafasi ya kushona palipopasuka na kujaza palipoisha. Sukari inaweza kurudi kwa siku moja ao mbili, kama mutu anakula lituma, wali ao fufu ya kutosha. Lakini kushona misuli kunaomba siku nyingi zaidi, na faida ya zoezi kali inaonekana kiisha siku kumi hivi. Basi mbio ninayokimbia siku ya ine mbele ya posho haiwezi kunisaidia posho ile. Uchovu wake tu ndio utakaofika kwa wakati!

Wengine watasema: kama ni hivyo, tulale juma mbili. Hapana. Mutu akiacha kabisa, maji ya damu yanaanza kupunguka kiisha siku chache, na moyo unapaswa kupiga zaidi kwa mwendo uleule. Ndiyo maana mwalimu anakata urefu, hakati ukali. Tulikuwa tunakimbia meta 400 mara nane, kila moja kwa dakika 1 na segonde 30. Sasa tutazikimbia mara ine, lakini kwa segonde zilezile. Na siku za mazoezi ni karibu zilezile, tano pahali pa sita. Katika mwaka 2007 wataalamu walikusanya uchunguzi mwingi juu ya jambo hili, wakaona kwamba njia iliyofaa zaidi ni juma mbili, kupunguza urefu karibu nusu, na kuacha mwendo vilevile.

Mukumbuke pia Emil Zátopek, mutu wa Chekoslovakia aliyejulikana kwa mazoezi makali kupita wote. Katika mwaka 1950, mbele ya mashindano ya Ulaya kule Bruseli, chakula kibaya kilimulaza hospitali. Alitoka siku chache tu mbele ya mbio, akashinda meta 10.000 na meta 5.000. (Mwalimu hasemi tule chakula kibaya.)

Faida yenyewe si kubwa kama uchawi: karibu mbili ao tatu kwa mia. Kwa mutu wa dakika 40, ni kama dakika moja hivi. Na kwa yule ambaye hakufanya mazoezi tangu mwanzo wa mwaka hakuna faida yoyote, sababu hana uchovu wa kuondoa.

Kuna jambo moja linalodanganya. Siku ya tatu ao ya ine ya kupunguza, miguu inaweza kuwa mizito, na mutu anaweza kuongeza kilo moja. Hapo ndipo nilipoogopa mwaka jana na kuanza kukimbia kwa siri. Kumbe kila gramu ya sukari ile inashika karibu gramu tatu za maji. Uzito ule ni mafuta ya taa yaliyojaa ndani ya taa, si unono.

Anayetaka kupima, ahesabu mapigo ya moyo asubuhi, akiwa angali kitandani, dakika moja. Mimi kwa kawaida nina 54. Juma lile la mwaka jana nilihesabu 64, nikafikiri nilikosea hesabu. Mapigo yakibaki juu siku mbili ao tatu, mwende kumwambia mwalimu, musifiche. Siku ya tano jioni tutakimbia kilometa 3 polepole katika kiwanja, na mbio fupi ine za meta 100. Mwenye viatu vipya aviache katika sanduku.