Mitetemo minne ya kiwambo chenye nukta milioni

Wamba ngozi kwenye fremu ya mraba, ikaze kingo zote nne, kisha uipige. Utakachosikia ni mchanganyiko wa mitetemo mingi inayotokea kwa pamoja, kila mmoja na umbo lake na frikwensi yake. Mhandisi anayechunguza kiwambo kama hicho, au sakafu ya ghorofa, au bawa la ndege, kwa kawaida hahitaji kuijua mitetemo yote. Anaitafuta michache ya chini kabisa, kwa sababu upepo, mashine na nyayo za watu huiamsha hiyo kabla ya mingine.

Ili kompyuta iweze kuitafuta, tunatandaza juu ya ngozi gridi ya nukta 1000 kwa 1000. Kila nukta inavutwa na jirani zake wanne tu. Tukiyaandika mahusiano hayo kama matrisi, tuiite A, kila mstari unakuwa na 4 kwenye ulalo, na −1 kwenye nafasi ya kila jirani. Kwingine kote ni sifuri. Matrisi ina mistari milioni moja na safu milioni moja, lakini tarakimu zisizo sifuri ni 4,996,000 tu. Ukiiandika yote, sifuri zikiwemo, utahitaji terabaiti 8. Ukihifadhi zile zisizo sifuri pamoja na mahali zilipo, megabaiti zipatazo 64 zinatosha, kiasi ambacho hata simu ya kawaida inakibeba.

Kila mtetemo ni vekta ya aigeni ya matrisi hiyo, yaani umbo ambalo A inapolizidisha hailipindi, bali inalikuza au kulipunguza tu: A x = λ x. Namba λ ndiyo thamani ya aigeni, na frikwensi inakwenda na kipeuo chake cha pili. Nimechagua kiwambo cha mraba makusudi, kwa kuwa majibu yake yanajulikana kwa karatasi na kalamu. Thamani ndogo zinakaribia sana (π/1001)² mara i² + j², ambapo i na j ni idadi ya vilima vya umbo kwa upana na kwa urefu. Tukilifanya (π/1001)² kuwa kipimo chetu, orodha kutoka chini ni 2, 5, 5, 8, 10, 10, 13, 13, 17, na kuendelea. Angalia 5 inavyojirudia: umbo moja lina vilima viwili kwa upana, jingine lina viwili kwa urefu, na frikwensi yao ni ile ile. Tutarudi kwao.

Programu za kawaida zinazotoa thamani zote za aigeni kwa mkupuo hazitufai hapa. Kazi yake hukua kwa kipeo cha tatu cha ukubwa wa matrisi, yaani kwetu hatua kama 10^18. Mashine inayofanya hatua 10^11 kwa sekunde ingekesha siku zaidi ya 115, na bado ingedai zile terabaiti 8. Tena tungetupa karibu kila kitu ilichokokotoa, maana tunataka thamani nne.

Njia ya zamani ya kupata moja ni rahisi mno. Chukua vekta yoyote, izidishe kwa A, izidishe tena, na tena. Vekta hiyo ni mchanganyiko wa maumbo yote, na kila mzunguko unalikuza kila umbo kwa λ yake, hivyo lenye λ kubwa kuliko yote hatimaye linayafunika mengine. Sisi tunataka ndogo. Basi badala ya kuzidisha, kila mzunguko tunatatua mlinganyo A y = x. Sasa kila umbo linazidishwa kwa 1/λ, na la chini kabisa ndilo linaloshinda. Kutatua mlinganyo wenye vigeu milioni kunatisha, lakini kazi nzito hufanywa mara moja tu: A inapasuliwa kuwa matrisi mbili za pembetatu, kisha kila mzunguko unapita juu yake bila kuzijenga upya.

Tukitaka mitetemo minne, wazo la kwanza ni kuanza na vekta nne na kuziacha ziendelee sambamba. Hapo ndipo mwanafunzi wengi hukwama. Zote nne zinavutwa na umbo lile lile la chini, na baada ya mizunguko michache zinakuwa nakala za kitu kimoja. Taarifa kuhusu maumbo mengine bado imo ndani yake, lakini imesukumwa kwenye tarakimu za mwisho kabisa, ambako makosa ya kukadiria ya kompyuta yanaimeza. Dawa ni kuzitenganisha katika kila mzunguko: ya pili inaondolewa sehemu yake inayofanana na ya kwanza, ya tatu inaondolewa sehemu za mbili zilizotangulia, mpaka zote zinasimama kwa pembemraba kati yao. Kwa namna hiyo hatufuatilii tena vekta mojamoja. Tunafuatilia nafasi ndogo nzima inayotandazwa na kundi hilo, na ni nafasi hiyo inayogeuka polepole kuelekea ile ya mitetemo ya chini. Friedrich Bauer alichapisha mbinu ya aina hii mwaka 1957.

Kiungo kilichobaki kinaitwa kwa majina ya Rayleigh na Ritz, na kwangu ndicho kizuri kuliko vyote. Tuseme kundi letu lina vekta nane, zimepangwa kama safu za matrisi Q. Badala ya kuikabili A yenye mistari milioni, tunakokotoa QᵀAQ, yaani kivuli cha A ndani ya nafasi yetu ndogo. Kivuli hicho ni matrisi ya 8 kwa 8 tu. Thamani zake za aigeni zinapatikana papo hapo, na ndizo makadirio bora ambayo nafasi hiyo inaweza kutoa. Vekta zake zinatuambia namna ya kuzichanganya safu za Q ili kila safu ielekee kwenye mtetemo wake. Programu nzima ni fupi:

```python
import numpy as np
import scipy.sparse as sp
from scipy.sparse.linalg import splu

m = 1000
T = sp.diags([-1., 2., -1.], [-1, 0, 1], shape=(m, m))
I = sp.identity(m)
A = (sp.kron(I, T) + sp.kron(T, I)).tocsc()

lu = splu(A, permc_spec="MMD_AT_PLUS_A")
X = np.random.default_rng(1).standard_normal((m*m, 8))
for k in range(19):
    Q, _ = np.linalg.qr(lu.solve(X))
    w, S = np.linalg.eigh(Q.T @ (A @ Q))
    X = Q @ S
```

Kwa nini nane wakati tunatafuta nne? Kasi ya mbinu hii inaamuliwa na uwiano mmoja: thamani unayoitafuta, ukiigawa kwa thamani ya kwanza iliyobaki nje ya kundi. Kundi likiwa la vekta nne, ya nne ni 8 na ya kwanza nje ni 10, kwa hiyo kosa la vekta hupungua kwa 0.8 tu kila mzunguko. Kulifikisha kwenye sehemu moja ya milioni kunahitaji mizunguko 62. Tukiongeza vekta nne za akiba, ya kwanza nje inakuwa 17, uwiano unashuka hadi 8/17, na mizunguko 19 inatosha. Kila mzunguko sasa ni ghali takriban mara mbili, lakini idadi yake imeshuka zaidi ya mara tatu. Klaus-Jürgen Bathe, aliyeijenga mbinu hii kwa ajili ya wahandisi wa majengo katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipendekeza kanuni inayotumika mpaka leo: ukitaka p, beba ile iliyo ndogo kati ya 2p na p + 8. Kwa p = 4 inatoa nane.

Kuna anayeuliza kama hatuwezi kukwepa kutatua milinganyo kwa kuzidisha kwa 8I − A, ambayo thamani zake kubwa ndizo ndogo zetu. Inawezekana, lakini tazama uwiano. Thamani zote za A ziko kati ya sifuri na 8, na tunazozitafuta zimesongamana karibu na sifuri, chini ya 0.0001. Katika 8I − A zote zinasomeka kama 7.9999 na kitu, na hata tukiwa na kundi la vekta nane, kazi iliyochukua mizunguko 19 inahitaji zaidi ya milioni moja. Kugeuza matrisi kunayanyoosha masafa kati ya thamani ndogo, na faida yote inatoka hapo.

Sasa turudi kwa zile 5 mbili. Ukitumia kundi la vekta mbili tu, la pili litatulia kwenye umbo fulani halali lenye thamani 5, wala hakuna kitakachokuonyesha kwamba lina pacha. Dalili inajitokeza ukibadilisha mbegu ya nasibu: thamani inabaki 5, umbo linakuja tofauti. Kundi likiwa pana, pacha wote wawili wanaingia bila shida.

Hatari kubwa zaidi ni kuanza na vekta zenye ulinganifu. Tuseme mtu ameepuka namba za nasibu, akaanza na maumbo nadhifu manne ambayo kushoto kwake ni sawa na kulia, na juu ni sawa na chini. Mitetemo yenye vilima viwili upande wowote haimo ndani yake hata chembe, na kuzidisha sifuri kunaleta sifuri. Makosa ya kukadiria yataiingiza mwishowe, ila kwa kuchelewa. Akisimama kwenye mzunguko wa 15 ataripoti 2, 10 na 10. Akikagua mabaki, yaani ukubwa wa A x − λ x, atayakuta ni madogo sana kwa kila moja. Mabaki hayadanganyi: hizo ni thamani za kweli. Hayawezi tu kusema ni zipi zimerukwa.

Kinachoweza kusema ni kanuni ya James Joseph Sylvester ya mwaka 1852. Chagua namba σ iliyo juu kidogo ya thamani yako ya mwisho, hapa 11 kwa kipimo chetu, kisha pasua A − σI katika umbo LDLᵀ. Hesabu namba hasi kwenye ulalo wa D. Idadi yake ni sawasawa na idadi ya thamani za aigeni zilizo chini ya σ. Kwa kiwambo chetu hesabu itatoa sita, naye ana tatu mkononi. 5, 5 na 8 zimepotea. Upasuaji huo mmoja wa ziada ndio unaotofautisha jibu lililokaguliwa na jibu linaloonekana zuri, na nisingekabidhi hesabu ya jengo bila kuufanya.

Mipaka ya mbinu inaanzia kwenye upasuaji huo huo. Unapopasua matrisi, sifuri nyingi hujaa. Nukta zetu zikihesabiwa mstari baada ya mstari, kila pembetatu inabeba tarakimu kama bilioni moja, gigabaiti 8. Zikipangwa upya kwa busara, jambo ambalo `permc_spec` inalishughulikia, zinabaki makumi ya mamilioni. Katika umbo la pande tatu, kama injini au bwawa, mpangilio hauokoi kiasi hicho, na kumbukumbu huisha mapema. Wengi hapo hutatua milinganyo kwa kukadiria, au huenda kwa mbinu ya Lanczos ya mwaka 1950, ambayo haitupi vekta za mizunguko iliyopita na kwa kawaida hufika kwa kazi pungufu. `eigsh` ya SciPy imejengwa juu ya familia hiyo. Ila pale ambapo mhandisi anabadilisha unene wa nguzo moja kisha anakokotoa upya, kundi la vekta nane za jana linaingizwa moja kwa moja kama mwanzo wa leo, na mizunguko michache inamaliza kazi.