Kwa nini tanuri ya chokaa hudai nyuzi 900

Nyumba za kale za Lamu, Kilwa na Unguja zimejengwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe ya matumbawe. Mawe hupangwa juu ya magogo, moto ukawashwa, na jiwe likatoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa. Lakini jiwe lilelile ukiliweka juani Lamu miaka mia, halitageuka. Tofauti iko kwenye joto, na inaweza kukokotolewa.

Ukilifungia jiwe hilo kwenye chombo na kulipasha, litatoa hewa mpaka mgandamizo wa hewa hiyo ufike kiwango fulani, kisha litakoma. Hapo jiwe linavunjika na kujiunga upya kwa kasi ileile. Huo ndio msawazo, na konstanti yake, K, ni mgandamizo huohuo wa hewa ya ukaa ukipimwa kwa atmosfia. Kwenye nyuzi 800 za Selsiasi, K ni karibu 0.22.

Mholanzi Jacobus van 't Hoff, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kwanza ya kemia mwaka 1901, ndiye aliyetuachia njia ya kujua K itakuwaje joto likibadilika:

ln(K2/K1) = (ΔH/R)(1/T1 − 1/T2)

ΔH ni joto ambalo mmenyuko unameza, na R ni 8.314. T lazima iwe kwa kelvini. Anayetumia Selsiasi hupata jibu la ovyo. Jiwe letu, likiwa kwenye moto mkali, humeza karibu kilojuli 170 kwa kila moli, yaani juli 170,000.

Tupande kutoka nyuzi 800 hadi 900, yaani kelvini 1,073 hadi 1,173. Mabano ya mwisho yanatoa 0.0000795. Zidisha kwa 170,000, gawanya kwa 8.314, utapata takriban 1.62. 1.62 ni takriban logi asilia ya namba 5, kwa hiyo K inakua mara tano na kufika 1.1. Vipimo halisi vinakaribia 1.0. Kwa hatua fupi hivi, fomula ni ya kuaminika.

Ukianza nyuzi 25 na kuruka moja kwa moja, fomula inakuambia K itafika 1 kwenye nyuzi 840, ilhali ukweli ni karibu 900. Kosa linatokana na kudhani ΔH haibadiliki, wakati yenyewe hupungua kutoka 178 hadi chini ya 170 kadiri joto linavyopanda.

K ya 1 maana yake hewa inayotoka inaweza kuusukuma mgandamizo wa anga lote. Ndiyo sababu tanuri yenye upepo wa kutosha huchoma hata chini ya nyuzi 900: upepo unaiondoa hewa ya ukaa kabla haijafikia msawazo. Fomula haisemi itachukua muda gani. Jiwe nene huweza kubaki na kiini kibichi. Pima uzito: kilo 100 za mawe safi zilizoiva kabisa hubaki kilo 56.