Kumwomba Radhi Mwitaliano kwa Deni Lililochelewa

Chukua duka la Dar es Salaam lililoagiza mashine za kahawa kutoka Milano. Ankara namba 118, ya euro 6,400, ilipaswa kulipwa tarehe 30 Juni. Euro zilikosekana benki, na fedha zikatumwa tarehe 14 Julai. Mwenye duka anaandika baruapepe kwa Kiswahili, kisha anampa mtu aitafsiri:

“Tunaomba radhi kwa kuchelewa kulipa ankara namba 118 ya euro 6,400.00, iliyopaswa kulipwa tarehe 30 Juni. Benki yetu ilichelewa kutupatia euro, nasi hatukuwaarifu mapema. Fedha zote tulizituma tarehe 14 Julai, na uthibitisho wa SWIFT tumeuambatisha. Tutawapigia simu tarehe 16 Julai saa nne asubuhi.”

Barua hii imeanza na kosa lenyewe, ikataja ankara kwa namba yake. Huko Milano huenda inasomwa na mhasibu mwenye madeni mengi mezani, na namba hiyo ndiyo anayoitafuta. Salamu ndefu za kuulizia afya na familia, ambazo kwetu ni heshima, zingemchelewesha kuifikia. Hata hivyo heshima haijatupwa: mfasiri huiweka mwanzoni kwa “Gentile” na mwishoni kwa “Distinti saluti”. Kama anaandikiwa mtu kwa jina, ahakikishe kwanza jinsia yake, maana Nicola na Simone ni majina ya wanaume huko Italia.

Sentensi ya kwanza inakuwa hivi: “Ci scusiamo per il ritardo nel pagamento della fattura n. 118 di 6.400,00 euro, scaduta il 30 giugno.” Tazama nukta na mkato vilivyobadilishana nafasi. Waitaliano hutenga senti kwa mkato, kwa hiyo 6,400 ikiachwa hivyo inaweza kusomwa kama euro sita na senti arobaini.

Hatari kubwa zaidi imo katika saa. Saa nne asubuhi ikitafsiriwa neno kwa neno inakuwa saa kumi ya alfajiri. Dar es Salaam ni 10:00, na Julai Italia iko nyuma kwa saa moja, hivyo mfasiri aandike “alle ore 9.00, ora italiana”.

Radhi haifuti riba. Pale mkataba unapofuata sheria ya Italia, amri namba 231 ya mwaka 2002 inamruhusu mdai kutoza riba tangu siku inayofuata tarehe ya mwisho, bila hata kumkumbusha mdaiwa. Ndiyo maana tarehe ya kutuma fedha ina uzito kuliko maelezo marefu ya sababu.

Kabla ya kuandika “fedha zote”, mwenye duka aulize benki nani anabeba makato ya njiani. Gharama zikigawanywa, zile zinazojulikana kama SHA, fedha zinaweza kufika pungufu na ankara 118 ikabaki wazi. Akichagua OUR, yeye ndiye anayelipia makato.