Raundi ya Kulala Njaa

Raundi ya pili ya Counter-Strike 2 inakaribia kuanza. Washambuliaji watano wamefungiwa kwenye eneo lao la kuanzia, wana sekunde chache tu za kununua silaha. Raundi ya kwanza, ile ya bastola, wamepigwa. Mmoja wao anatazama namba kwenye kona ya skrini: $2,050. Anafungua orodha ya bei. MAC-10, bunduki fupi ya kumimina risasi, inauzwa 1,050. Fulana ya kuzuia risasi pamoja na kofia yake ni 1,000. Jumla 2,050, kama vile aliyepanga bei alichungulia mfukoni mwake kwanza. Kidole kipo juu ya kipanya, ndipo sauti ya kapteni inapoingia kwenye spika za masikioni: "Hakuna kununua. Tulale."

Mgeni wa mchezo huu akiangalia pembeni atadhani amesikia vibaya. Wapinzani wana silaha nzuri, na hawa wanakwenda kuwakabili na bastola za bure? Ndiyo, na wanakwenda wakijua kwamba huenda wakafa wote. Raundi ya namna hii wachezaji huiita eko. Ili kuelewa kwa nini watu wenye akili zao huichagua, inabidi kukaa na hizo dola 2,050 na kuzifuata zinakokwenda.

Kwanza, zimetokaje? Kila mchezaji huanza nusu ya mchezo akiwa na $800. Huyu wetu alinunua fulana ya 650, akabaki na 150. Hakuua mtu, bomu halikutegwa, timu ikapoteza. Hapo ndipo mchezo unapofanya jambo ambalo maisha hayafanyi: unamlipa aliyeshindwa. Kifuta machozi cha kupoteza raundi ya kwanza ni 1,900. Ukipoteza tena unapata 2,400, halafu 2,900, halafu 3,400, na ngazi inaishia hapo. Walioshinda nao hupata 3,250 kila mmoja, au 3,500 kama ushindi umetokana na kulipua bomu au kulitegua.

Sasa turudi kwenye uamuzi. Akitii na kulala njaa, kisha raundi ikapotea kama ilivyotarajiwa, 2,050 zake zinakutana na kifuta machozi cha 2,400. Raundi ya tatu anaingia na 4,450. AK-47 ni 2,700, fulana na kofia 1,000, na zinabaki 750 za kununulia bomu la moshi na mawili ya mwanga. Amekamilika, na wenzake wanne wamekamilika vilevile. Raundi moja ilitolewa sadaka, na inayofuata inapiganwa kwa silaha kamili.

Akikaidi? Ananunua MAC-10 na kinga, anabaki na sifuri. Timu ikipoteza, raundi ya tatu ana 2,400 tu. Hazifiki hata bei ya AK moja. Hapo ama ajilipue tena, ama alale njaa kwa lazima na kusubiri raundi ya nne. Maana yake, gharama halisi ya ile MAC-10 haikuwa 1,050. Ilikuwa ni kuahirisha silaha kamili kwa raundi nzima, tena kwa timu nzima.

Kama hesabu ingeishia hapo, hakuna timu ambayo ingenunua kwa nguvu, kitendo ambacho wachezaji huita fosi. Lakini kuna upande wa pili wa uwanja, na nao una mfuko wake.

Tukiacha malipo ya kuua, mlinzi aliyeshinda raundi ya bastola alibaki na 150, akalipwa 3,250, akawa na 3,400. Tuseme amenunua MP9 kwa 1,250, kinga kamili kwa 1,000, na mabomu ya moshi na mwanga kwa 500. Amebaki na 650. Fosi ya washambuliaji ikifaulu, huyu bwana anapata kifuta machozi cha chini kabisa, 1,400, kwa sababu ule ushindi wa kwanza ulimshusha ngazi moja. Jumlisha: 650 na 1,400 ni 2,050. Ndiyo ile ile namba aliyokuwa akiitazama mpinzani wake raundi moja nyuma! Umaskini umehama upande, na safari hii aliyeshinda ana fedha za ushindi pamoja na bunduki alizookota kwenye maiti. Tena MAC-10 hulipa vizuri: kila adui anayeuawa kwa bunduki za aina hiyo huleta 600, wakati AK huleta 300 na ile AWP, bunduki ya mdunguaji ya dola 4,750, huleta 100 tu.

Kwa hiyo fosi ya raundi ya pili ina mantiki yake. Unampiga mpinzani kabla hajafika kwenye bunduki kubwa, na ukimwangusha unamwangusha akiwa hana akiba. Ubaya wake ni kwamba ukianguka wewe, unakuwa umempa raundi ya pili na umemwekea njia nyeupe kwenye ya tatu.

Ngazi ya kifuta machozi ndiyo inayobadilisha uamuzi huu kadiri mchezo unavyoendelea. Zamani, katika miaka ya mwanzo ya CS:GO, ushindi mmoja uliifuta ngazi yote na kumrudisha mtu chini. Sheria ya sasa hushusha ngazi moja moja. Timu iliyopigwa raundi nne mfululizo iko juu ya ngazi, na hata ikishinda moja kisha ikapoteza, bado hulipwa 2,900. Timu kama hiyo inaweza kujilipua bila hofu kubwa, maana ikianguka inaangukia godoro. Iliyotoka kushinda mara kadhaa iko chini ya ngazi, na ikipoteza inaangukia sakafu. Wengi hudhani mwenye ushindi mwingi ndiye mwenye uhuru wa kutapanya fedha, kumbe mara nyingi ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi.

Kati ya kulala njaa na kujilipua kuna njia ya tatu, nayo ndiyo inayotenganisha waliozoea na wanaoanza: kutumia kile kinachozidi tu. Kapteni hahesabu kilichomo mfukoni leo. Anahesabu kitakachokuwamo kesho iwapo watapoteza. AK na kinga ni 3,700, huo ndio mstari. Mchezaji wetu angekuwa na 4,450, basi ana 750 za kuchezea. Akinunua bastola ya P250 kwa 300, raundi ya tatu ataingia na 4,150. Baada ya AK na kinga anabaki na 450, anapata moshi au mwanga, hapati vyote. Akinunua Desert Eagle kwa 700, anabaki na 50, na ataingia vitani na bunduki kali bila bomu hata moja la kumkinga wakati wa kuvuka uchochoro. Watu hucheka hesabu za dola mia mbili, lakini timu tano kwa tano isiyo na moshi huonekana jinsi inavyosita mlangoni.

Raundi ya kulala njaa nayo haichezwi kizembe. Bastola haifui dafu kwa umbali, kwa hiyo watano hujibanza pamoja, wanasogea karibu, wanatokea kwenye kona moja kwa wakati mmoja. Lengo si lazima liwe ushindi. Kutega bomu, hata ukipoteza raundi, huongeza fedha kwa kila mshambuliaji. Kumwangusha mlinzi mmoja kunamlazimu anunue upya. Makosa yanayoonekana kila siku ni kutoka mmoja mmoja, kila mtu na ushujaa wake. Hapo wapinzani wanakusanya malipo ya kuua bila jasho.

Kosa baya kuliko hilo ni la mtu mmoja kununua peke yake. Wanne wamelala njaa, wa tano kanunua AK kwa sababu anazo. Raundi inapotea, AK inaokotwa na adui, na raundi ifuatayo wanne wana silaha kamili huku yeye akiomba. Uchumi wa timu unafanana na upatu: mzunguko unakwenda sawa pale wote wanapotoa pamoja na kupokea pamoja. Ndiyo maana mwenye nyingi huwatupia bunduki wenzake wenye chache, na ndiyo maana sauti ya mwisho huachiwa mtu mmoja. Kwenye timu kubwa ni kapteni, kama Finn "karrigan" Andersen alipoiongoza FaZe, Mdenmaki ambaye kazi yake ilikuwa kuamua mambo haya huku naye akipiga risasi.

Kapteni haoni fedha za wapinzani. Anazikisia. Anakumbuka wangapi walibaki hai, wamepoteza bunduki gani, na wako ngazi ya ngapi. Akihesabu kwamba hawana kitu, huwaagiza wenzake wakae mbali, wasipite kwenye kona za karibu ambako bastola inaua. Akikosea hesabu, timu yake inaingia ikitarajia bastola na kukuta bunduki.

Kuna pia uamuzi unaokuja katikati ya raundi. Walinzi wawili wamebaki dhidi ya wanne, bomu limetegwa, mmoja kashika AWP. Wanajificha, wanaacha bomu lilipuke, bunduki inavuka kwenda raundi ijayo, na kifuta machozi wanapata. Mshambuliaji hana anasa hiyo yote: akijificha hadi muda uishe bila bomu kutegwa, bunduki anabaki nayo lakini fedha za kufarijiwa hapati. Mgeni akifanya hivyo mara moja hujifunza.

Haya yote yamekuwa makali zaidi tangu 2023, Counter-Strike 2 ilipotoka na mchezo wa kawaida ukafupishwa. CS:GO ilikuwa na raundi 30 na mshindi alifika 16. Sasa ni 24, na mshindi hufika 13. Raundi moja ya kulala njaa imekuwa kipande kikubwa zaidi cha mkate, na timu nyingi sasa hufikiria mara mbili kabla ya kuitoa. Fainali ya mashindano makubwa ya kwanza ya mchezo huu mpya, huko Copenhagen Machi 2024, NAVI waliichukua kwa ramani mbili kwa moja dhidi ya FaZe. Ramani ya pili FaZe walishinda 13-2, ya tatu NAVI wakalipiza 13-3. Uchumi si sababu pekee ya matokeo kama hayo, lakini anayechelewa kujinasua kwenye umaskini sasa ana raundi chache za kurudi.

Na kuna raundi moja ambayo mjadala wote huu unakufa. Ni ya 12, ya mwisho kabla timu hazijabadilishana pande. Baada yake fedha zote zinafutwa na kila mtu anarudi kwenye 800. Ukimkuta mwenzako hapo anabana 6,000 mfukoni na bastola mkononi, mwambie anunue, na awanunulie wengine pia.