Sera ya Mikopo ipi? Kutengeneza rejista kutoka kwenye folda ya nyaraka

Mkaguzi akifika kwenye ofisi ya SACCOS na kuomba Sera ya Mikopo, meneja hapati tabu kuipata. Anafungua kompyuta, anabonyeza folda iliyoandikwa SERA, na humo anakutana na Sera za Mikopo nne. Moja inasema mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Nyingine inasema mara mbili. Zote zina nembo ya chama, na mbili kati yake zimeandikwa “FINAL” kwenye jina la faili. Mkaguzi anauliza ni ipi iliyokuwa ikitumika siku mkopo fulani ulipotolewa, na chumba kizima kinanyamaza.

Jibu la swali hilo linatakiwa kupatikana kwenye rejista ya sera: jedwali moja linaloonyesha kila sera ya chama, nani mwenye dhamana nayo, ilianza kutumika lini na inatakiwa kupitiwa tena lini. Ofisi nyingi hazina jedwali hilo, au wanalo lililotengenezwa kwa kunakili majina ya mafaili na kubuni tarehe. Rejista ya namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu bodi huiamini. Tuchukue mfano wa SACCOS ya walimu katika mji wa wilaya, yenye folda ya mafaili 41 yaliyokusanyika kwa zaidi ya miaka kumi, tuone kazi inavyofanyika.

Kazi inaanza kwa kuorodhesha kila kilichomo kabla ya kuhukumu lolote. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua folda, andika cmd kwenye kisanduku cha anwani kilicho juu, bonyeza Enter, kisha andika amri hii:

```
dir /s /b > orodha.txt
```

Majina yote, pamoja na yale yaliyofichama kwenye folda za ndani, yataingia kwenye faili la orodha.txt. Orodha itajitaja na yenyewe. Mstari huo ufute. Majina yaliyobaki yabandike kwenye karatasi ya kwanza ya Excel, kisha fungua faili moja baada ya jingine na uandike pembeni ni kitu gani: sera, rasimu, nakala ya pili, fomu, au barua iliyopotea njia. Kwa SACCOS yetu, mafaili 41 yanazaa sera 12 tu. Karatasi hiyo ya kwanza isitupwe. Mtu akiuliza mwakani kwa nini faili fulani halimo kwenye rejista, jibu liko pale.

Karatasi ya pili ndiyo rejista yenyewe, mstari mmoja kwa kila sera. Hapa ndipo kishawishi kinapokuja. Kompyuta inaonyesha tarehe pembeni ya kila faili, na mkono unakimbilia kuiandika kama tarehe ya sera. Tarehe hiyo haina uhusiano na sera. Faili likipakuliwa kutoka kwenye barua pepe au WhatsApp, mara nyingi linachukua tarehe ya kupakuliwa. Karani akilifungua kurekebisha herufi moja na kulihifadhi, linapata tarehe ya leo. Tarehe ya faili ni ya faili. Tarehe ya sera ni ya uamuzi wa watu waliokaa kikao.

Tuifuate Sera ya Mikopo. Kati ya nakala zile nne, tatu ni za Word na hazina saini. Ya nne ni PDF iliyoskaniwa, ina saini ya mwenyekiti na muhuri wa chama, na ndiyo inayosema mara tatu. Ukurasa wa jalada umeandikwa “Mei 2021”. Ukurasa wa mwisho una sentensi inayosema sera itaanza kutumika baada ya kupitishwa na Mkutano Mkuu. Kwa hiyo Mei si jibu, na saini ya mwenyekiti peke yake si jibu pia. Inabidi kutoka kwenye folda na kwenda kabatini kutafuta mihtasari ya vikao. Muhtasari wa bodi unaonyesha rasimu ilijadiliwa na kukubaliwa tarehe 22 Mei 2021. Muhtasari wa Mkutano Mkuu unaonyesha wanachama waliipitisha tarehe 3 Julai 2021. Tarehe ya kuanza kutumika ni 3 Julai. Mkopo uliotolewa Juni mwaka huo ulitawaliwa na sera ya zamani, ile ya mara mbili, na mkaguzi ana haki ya kuupima kwa kipimo hicho. Ndiyo maana nakala ya zamani haifutwi. Inahamishiwa kwenye folda ya sera zilizokoma, na tarehe ya kukoma kwake inaandikwa.

Kwa sababu hiyo rejista inahitaji safu ambayo wengi huisahau: ushahidi. Humo unaandika ulikoitoa tarehe, kwa mfano “Muhtasari wa Mkutano Mkuu, 2021-07-03, ajenda ya 6”. Ushahidi usipopatikana, nafasi ya tarehe iachwe wazi na safu ya ushahidi iandikwe “haujapatikana”. Najua uchungu wa kumpelekea meneja jedwali lenye mapengo. Lakini pengo linaloonekana hutafutiwa dawa, na tarehe ya kubuni hakuna atakayeishuku.

Sera isiyo na tarehe yoyote bado inaweza kukudokeza umri wake. Angalia sheria inazozitaja. Ikiwa Sera ya Uwekezaji inasema imetungwa kwa kuzingatia Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2003, kuna mashaka, kwa sababu sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013. Ama sera ni ya zamani kuliko hapo, ama aliyeiandika alinakili ya zamani bila kuisoma. Dokezo hilo linakuelekeza mihtasari ya miaka gani uanze kuipekua. Lisiandikwe kama tarehe.

Mwenye dhamana naye ana mtego wake. Mafaili ya Word huhifadhi jina la aliyeyaandika, na mara nyingi ni jina la karani aliyechapa, au la mshauri aliyelipwa akaondoka, au la chama kingine kabisa ambako rasimu iliazimwa. Mwenye dhamana ni yule atakayeulizwa sera isipofuatwa na atakayeandaa mapitio muda ukifika. Andika cheo, usiandike jina la mtu. Mhasibu akihamishwa, cheo cha mhasibu kinabaki. Pia usimchanganye na chombo kilichopitisha sera. Hicho kina safu yake. Bodi au Mkutano Mkuu hupitisha, ila huwezi kumpigia simu Mkutano Mkuu na kumuuliza rasimu imefikia wapi. Kwa Sera ya Mikopo mwenye dhamana ni Afisa Mikopo. Kwa sera mbili za SACCOS yetu, ya TEHAMA na ya Malalamiko, hakuna cheo kinachotajwa popote, na anayetengeneza rejista hana mamlaka ya kukigawa. Anaandika “hajateuliwa” na kulipeleka suala kwa meneja.

Tarehe ya mapitio ndiyo inayokokotolewa. Sera ya Mikopo inasema itapitiwa kila baada ya miaka mitatu. Miaka hiyo inahesabiwa tangu ilipoanza kutumika, au tangu ilipopitiwa mara ya mwisho, kutegemea ipi ni ya karibuni. Hata bodi ikiipitia na kuamua isibadilishwe neno, hayo ni mapitio na yana tarehe. Kwa hiyo weka tarehe ya kuanza kwenye safu ya F, ya mapitio ya mwisho kwenye G, kipindi kwa miezi kwenye H, na kwenye I andika:

```
=IF(OR(MAX(F2,G2)=0,H2=""),"",EDATE(MAX(F2,G2),H2))
```

Fomula inachukua tarehe ya karibuni kati ya mbili na kuiongezea miezi. Tarehe au kipindi kikikosekana, inaacha wazi. Usishtuke ikikuletea namba 45476. Hiyo ndiyo 3 Julai 2024 kwa hesabu ya siku za Excel, na ukibadilisha mwonekano wa seli kuwa tarehe itasomeka vizuri.

Kosa baya kuliko yote hapa halionekani kwa jicho la haraka. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa kusoma tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Ukiandika 03/07/2021 ukimaanisha 3 Julai, inasoma 7 Machi, na mapitio yanasogea nyuma karibu miezi minne. Ukiandika 22/05/2021, hakuna mwezi wa 22, basi inaichukua kama maneno tu na fomula haiioni kabisa. Dalili ni kwamba, katika safu ambayo haijapangwa upya, tarehe zilizoeleweka hulala upande wa kulia wa seli na zilizogeuka maneno hulala kushoto. Ukiona safu moja ina zote mbili, usihangaike kubadilisha mwonekano, maana zile za kulia huenda zimeshageuzwa. Rudi kwenye ushahidi, uziandike upya ukianza na mwaka: 2021-07-03.

Rejista ikikamilika na kupangwa kwa safu ya I, SACCOS yetu inagundua kwamba sera tano zimepitwa na tarehe ya mapitio. Hapo huzuka hofu, na wapo watakaosema sera hizo hazina nguvu tena. Si kweli, isipokuwa sera yenyewe iwe imeandika siku ya kukoma. Kupitwa na mapitio maana yake bodi imechelewa kazi yake. Wanachama na watumishi bado wanafungwa na sera mpaka itakapobadilishwa. Safu ya hali kwa hiyo iseme “inatumika”, na kuchelewa kwa mapitio kuonekane kwenye tarehe.

Kuna na upande wa pili, ambao fomula haiwezi kuuona. Sera ya TEHAMA ya chama hiki ilianza Novemba 2021 na kwa hesabu ingepitiwa Novemba 2024. Katikati hapo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na SACCOS inatunza namba za simu, mishahara na majina ya wadhamini wa watu wote waliokopa. Sera hiyo ilistahili kufunguliwa mwaka mmoja na nusu kabla ya tarehe iliyokokotolewa. Ongeza safu inayotaja sheria na kanuni ambazo kila sera inazitegemea. Sheria ikibadilika, unachuja safu hiyo na kuona mara moja ni sera zipi zimeguswa.

Kinachopelekwa kwenye kikao cha bodi kijacho si jedwali lote la mistari 12. Ni ukurasa mmoja: sera tano zilizochelewa mapitio, zikianzia na ya Mikopo kwa sababu inagusa fedha kila siku, sera mbili zisizo na mwenye dhamana, na Sera ya Uwekezaji ambayo muhtasari wake haujaonekana, pamoja na ombi kwamba bodi iipitishe upya na tarehe ya kikao hicho ndiyo iandikwe kwenye safu ya F.