Yale Maduara Nyuma ya Bibi Harusi

Tazama picha za harusi zilizopigwa jioni na mpiga picha anayeijua kazi yake. Uso wa bibi harusi uko wazi kiasi kwamba kope zinahesabika, na nyuma yake taa za mapambo zimegeuka maduara makubwa, laini, yenye rangi ya dhahabu. Ukumbini taa hizo ni vitone tu vilivyoning'inizwa kwenye waya. Lenzi ndiyo iliyozitanua, na sura hiyo ya ukungu wapiga picha huiita boke.

Neno hilo ni la Kijapani na maana yake ni ukungu, hali ya kitu kutoonekana bayana. Lilienea miongoni mwa wasomaji wa Kiingereza baada ya 1997, pale Mike Johnston, mhariri wa jarida la Marekani la Photo Techniques, alipochapisha makala kulihusu na kuliongezea herufi h mwishoni ili lisitamkwe kimakosa. Tangu hapo limetumika sana, na mara nyingi hutumika vibaya. Wengi wanadhani boke ni wingi wa ukungu. Boke ni ubora wa ukungu huo. Picha mbili zaweza kuwa na ukungu wa kiasi kilekile, moja ikatuliza macho na nyingine ikayasumbua.

Tuanze na huo wingi. Ndani ya lenzi kuna vibamba vyembamba vilivyopangwa kwa duara, vinavyoacha tundu katikati. Tundu hilo ndilo apecha. Hupanuka na kusinyaa kama mboni ya jicho, na ukubwa wake huandikwa kwa namba inayowachanganya wanaoanza: f/2, f/4, f/8. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Sababu ni kwamba herufi f ni urefu wa fokasi wa lenzi, nasi tunaugawa kwa namba hiyo. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/2 ina tundu la upana wa milimita 25. Ikiwekwa f/8, tundu lake ni la milimita 6 na kidogo.

Sasa tumsimamishe bibi harusi mita 2 kutoka kwenye kamera yenye sensa kubwa, ile ya upana wa milimita 36, na taa ziwe mita 10 kutoka kwenye kamera. Tukipiga kwa f/2 kisha tukachapa picha yenye upana wa sentimita 35, kila taa itakuwa duara la karibu milimita 5. Tukipiga kwa f/8, duara litapungua hadi milimita moja na ushee, nasi tutaanza kutambua viti, feni na wageni waliokaa nyuma. Mwanga wa taa huingia kupitia tundu lote, na kwa kuwa lenzi imelenga uso, miale hiyo haikutani kwenye sensa. Inapofika pale bado imetawanyika kwa umbo la tundu lenyewe. Kwa hiyo kila duara unaloliona nyuma ya bibi harusi ni picha ya apecha.

Tundu kubwa lina gharama yake. Kwa f/2 na umbali ule wa mita 2, eneo linaloonekana kali lina kina cha sentimita 19 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Linatosha uso mmoja. Bwana harusi akisimama nusu mita nyuma ya mkewe atatoka na ukungu, na familia yake haitafurahi. Hapo mpiga picha hubana tundu, na hapo ndipo eksposha inapomdai.

Eksposha ni jumla ya mwanga ulioifikia sensa. Huamuliwa na mwanga uliopo, upana wa tundu na muda ambao shata inakaa wazi. Namba ya ISO huamua mwanga huo utakuzwa kiasi gani. Tuseme jua limekwisha kuzama na picha inatoka vizuri kwa f/2, shata ya sekunde 1/250 na ISO 400. Kutoka f/2 kwenda f/2.8 tunapunguza mwanga kwa nusu. F/4 nusu tena, f/5.6 nusu nyingine, na f/8 nusu ya nne. Kilichobaki ni sehemu moja ya kumi na sita. Kuufidia kwa shata kunatupeleka 1/15, na bibi harusi akigeuza kichwa tu, uso unaacha mkia. Kuufidia kwa ISO kunatupeleka 6400, na chengachenga zinaanza kuonekana kwenye vivuli. Kwa wawili hao ningechagua f/4 na kuwasogeza wasimame bega kwa bega. Kuwapanga watu vizuri hakupunguzi mwanga.

Kuna mtego mwingine wa eksposha unaoharibu picha nyingi za harusi. Kamera hupima mwanga ikitarajia kwamba mandhari kwa wastani ni ya kijivu. Shela jeupe likijaza fremu, kamera hudhani mwanga umezidi na kuupunguza, na uso wa maji ya kunde au mweusi hutoka gizani. Pima mwanga usoni, au ongeza fidia ya +1, kisha angalia kama nakshi za shela bado zinaonekana.

Turudi kwenye boke yenyewe. Duara zuri lina mwanga sawia, au unaofifia taratibu kuelekea ukingoni. Duara baya lina pete angavu pembeni. Likiwa moja halisumbui, lakini majani ya mti yakiwa nyuma ya mtu, kila jani hupata kingo mbili na picha huonekana kama inatetemeka. Chanzo kiko kwenye vioo. Miale inayopita pembezoni mwa lenzi huwa haitaki kukutana mahali pamoja na ile inayopita katikati, nao watengenezaji hurekebisha kasoro hiyo. Wakirekebisha kupita kiasi, mwanga hurundikana ukingoni mwa duara. Ndiyo maana lenzi yenye ukali wa kusifiwa yaweza kuwa na boke mbaya.

Vibamba navyo vina sehemu yao. Tundu likibanwa, lenzi yenye vibamba vitano hutoa pembetano badala ya duara. Yenye tisa vilivyopinda hubaki karibu na mviringo. Kwenye kona za picha maduara hubinywa yakafanana na jicho la paka, kwa kuwa mwili wa lenzi hukata sehemu ya mwanga unaoingia kwa pembe.

Simu je? Namba f/1.8 iliyoandikwa kwenye simu ni ya kweli, lakini lenzi yake ina fokasi ya milimita 7 hivi, hivyo tundu halifiki milimita 4. Ukungu wake wa asili kwa mtu aliye mita 2 ni mdogo mno. Hali ya Portrait hukadiria umbali, humkata mtu kutoka nyuma yake, kisha hutia ukungu kwa hesabu. Kagua vishungi vya mtandio, nywele zilizochomoza na fremu za miwani: hapo ndipo mkato hukosea.

Ukitaka kununua lenzi iliyotumika, usiridhike na namba iliyoandikwa mbele yake. Nenda jioni, lenga kitu kilicho mita moja mbele yako huku taa za barabarani zikiwa mbali nyuma, upige kwa tundu lililo wazi kabisa kisha lililobanwa kidogo. Vuta picha karibu na utazame maduara. Ukiona pete kali pembeni na unapiga nyuso za watu kwa riziki, iache hata kama bei ni nzuri.