Kichekesho Kinachojifanya Habari ya Kweli

Mwaka 1984, filamu ya Marekani This Is Spinal Tap, iliyoongozwa na Rob Reiner, ilifuatilia bendi ya roki ya kubuni kana kwamba ni habari ya kweli. Nguvu ya vichekesho vya aina hii ni mahojiano ya uongo yanayokanushwa na picha.

Tuseme meneja anaiambia kamera: "Hapa hakuna anayechelewa." Papo hapo andika kwenye muswada picha ya kumkanusha: saa ya ukutani inaonyesha saa nne asubuhi, na viti vyote ni vitupu. Usipoipanga mapema, siku ya kurekodi itasahaulika, na mhariri atabaki na maneno tu.

Mwigizaji naye aamini anachosema. Akitabasamu kidogo, mtazamaji hutambua mzaha na utani hufa. Akimaliza kujibu, kamera iendelee kurekodi sekunde tano, kwa kuwa kicheko huweza kujificha katika ukimya huo, macho yanapoanza kukwepa.

Wakati wa kuhariri, jaribu njia zote mbili: kukatia viti vitupu mara sentensi inapoisha, au kuuacha ukimya. Kisha mwonyeshe mtu asiyeujua muswada. Asipocheka, usiongeze maelezo, fupisha.